Kelele za usiku kutoka ghorofa ya juu: barua ya kumpelekea meneja niandikeje?

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga flati ghorofa ya tatu huku Upanga. Mwaka huu juu yetu imehamia familia na tangu wamekuja hatulali. Mida ya saa tano usiku inaanza sauti, drrrr inakata, drrrr inakata, na viti vinaburuzwa, inaenda mpaka saa nane huko. Mume wangu anasema ni cherehani ya umeme, wanashona. Juzi umeme ulikatika kukawa kimya kabisa, uliporudi ikaanza tena. Mwanangu wa darasa la pili anasinzia shuleni mpaka mwalimu kaniita. Mlinzi kasema niandike barua kwa uongozi wa jengo, nikaandika hivi: "Jirani wa 402 hajali wenzake, kila usiku anapiga kelele makusudi, amefungua kiwanda cha nguo ndani ya flati, naomba ahamishwe mara moja." Mume wangu anasema ni kali mno, mimi naona bila ukali hawashtuki. Ila kusema ukweli sitaki ugomvi, yule mama tunasalimiana vizuri na watoto wetu wanacheza pamoja. Nisaidie.

Mama wawili, Upanga

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana. Mtoto kusinzia darasani si jambo dogo na una haki kabisa ya kulalamika, hilo usijiulize mara mbili. Ila mumeo kaona vizuri, hiyo barua usiipeleke. Mimi nimekaa kwenye kamati ya jengo tunaloishi, barua za namna hiyo zimepita mkononi mwangu nyingi tu, na nakwambia zenye hasira ndio zinalala kwenye faili. Meneja akiisoma anaona ugomvi wa wapangaji wawili, na ugomvi wa wapangaji hakuna meneja anayetaka kuuingia, atakwambia nimeongea naye halafu basi. Barua inayomtoa kitini ni ile inayompa kazi ya kufanya, yani amesoma akajua aende wapi, saa ngapi, asikilize nini na akujibu lini.

Hebu tuichambue hiyo ya kwako. Umesema kila usiku. Je, ni kila usiku kweli, hata Jumapili? Maana jirani akiitwa akasema Jumapili iliyopita tulikuwa Bagamoyo kwenye msiba na nyumba ilikuwa imefungwa, basi barua nzima imekufa, hata yale ya kweli hayasikilizwi tena. Umesema makusudi, na hilo huwezi kulijua, wewe unasikia sauti tu, moyo wake huuoni, na inawezekana kabisa hajui kama inashuka huko chini, mtu wa juu mara nyingi hasikii kile anachosikia mtu wa chini yake. Umesema kiwanda. Hilo ndilo baya kuliko yote mwanangu, kwa sababu neno kiwanda linaleta habari za leseni ya biashara na kodi na watu wa halmashauri, na hujaingia humo ndani ukaona. Kama yule mama anamshonea binti yake sare za shule umeshamchafulia jina kwa maandishi, na maandishi hayafutiki. Halafu umeomba ahamishwe, wakati meneja wa jengo kwa kawaida hana uwezo huo, mwenye mkataba na jirani yako ni mwenye ile flati. Umemuomba kitu asichoweza kukupa, ndio maana atakaa kimya.

Kabla hujaandika tena, tafuta daftari uliweke karibu na kitanda kwa wiki mbili. Kila usiku andika tarehe, sauti ilianza saa ngapi, ikakata saa ngapi, ilisikika chumba gani, na ilikuwaje. Usiku ambao hakuna kitu andika pia, andika kimya, na hizi za kimya watu wengi hawaziandiki wakati ndizo zinazokufanya uaminike, maana anayeandika na mazuri anaonekana anarekodi. Jinsi ya kuielezea sauti tumia maneno ya sikio. Usiandike cherehani, andika mngurumo wa vipande vipande, kama sekunde tano hadi kumi, inakata, inarudi. Usiandike wanahamisha fenicha, andika mburuzo wa kitu kizito juu ya sakafu, mara tatu mfululizo. Ukishaandika cherehani na ikaja kuonekana ni kitu kingine umekuwa muongo bila kukusudia, lakini mngurumo unabaki mngurumo hata ukitoka kwenye mashine ya kufulia.

Kuna majaribio mawili madogo ufanye usiku mmoja wapo. La kwanza, sauti ikiwa imepamba moto zima feni, funga madirisha yote, kaa dakika moja usikilize. Nyumba zetu hizi za Dar usiku madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, na sauti ya muziki au ya watu wanaoongea inaingia na hewa kupitia hapo, ukifunga inapungua sana. Ikiwa umefunga na sauti iko vilevile, basi hiyo inatembea kwenye zege lenyewe. Weka kiganja kwenye ukuta au kwenye nguzo, mara nyingi utausikia mtetemo mkononi. Mashine yenye mota iliyokaa juu ya meza ya chuma, meza juu ya marumaru, marumaru juu ya zege, hapo hamna kitu laini hata kimoja katikati cha kuumeza ule mtetemo, unashuka wote mpaka kwako. Viti navyo ni hivyohivyo.

Sasa ukishajua kwamba ni zege kuna jambo lazima ulipokee. Sauti ya zege haiendi chini moja kwa moja, inaenda pembeni pia, inafuata nguzo na kuta, kwa hiyo kinachosikika juu ya kitanda chako kinaweza kutoka 401 au 403, au ghorofa ya tano kabisa. Nimeona mtu anamnunia jirani wa juu yake kwa muda mrefu kumbe sauti inatoka flati ya ubavuni. Hivyo panda ngazi usiku mmoja na mumeo, mpite koridoni kama watu wanaopita, msisimame mlangoni kwa mtu kutega sikio, mjue tu ghorofa gani inasikika zaidi. Na kwenye barua usiandike inatoka 402, andika inasikika kutokea juu ya chumba cha watoto, upande zilipo 402 na flati za jirani yake. Kumtafuta mwenyewe ni kazi ya uongozi.

La pili ni pampu. Majengo mengi ya hapo Upanga yana pampu ya kupandisha maji kwenye matanki ya juu, na wengine wanaiwasha usiku kwa sababu maji ya bomba yanatoka usiku. Hicho kimya cha umeme kukatika ulichoniandikia ni ushahidi mzuri sana, kama jengo lenu halina jenereta inayowaka yenyewe, kwa sababu kinaonesha ni kitu cha umeme na si watoto wanaoruka, ila pampu nayo ni ya umeme, umeme ukikatika na yenyewe inanyamaza. Tofauti yake ni hii, pampu ikiwaka inaunguruma mfululizo mpaka tanki lijae ndio inazima, haiendi drrrr kimya drrrr kimya. Muulize mlinzi wa usiku pampu inawashwa saa ngapi, uandike jibu lake kwenye daftari. Ukimwambia meneja kwamba pampu umeshaitoa kwenye hesabu, umemfungia mlango wa kukwambia "hiyo itakuwa pampu tu mama".

Kurekodi kwa simu, rekodi ukitaka, ila ndani ya chumba chako, simu iwe juu ya meza, na mwanzoni taja tarehe na saa kwa mdomo wako. Usitegemee sana lakini, maiki ya simu haishiki vizuri mngurumo mzito wa chini, utacheza ile klipu ofisini isikike hewa tupu na utaonekana umekuza mambo. Zile programu za simu za kupima kelele namba zake usiziweke kwenye barua kabisa, simu haijasanifiwa kwa kazi hiyo, simu mbili chumba kimoja zinaweza kukupa majibu mawili. Na tafadhali mwanangu, usiirushe hiyo klipu kwenye grupu la wasap la wapangaji. Hata bila kutaja jina watu watajua, wataanza kutia chumvi, yule mama atajibu kwa uchungu na hapo hakuna tena wa kusuluhisha.

Fungua pia mkataba wako wa pango na kanuni za jengo kama mlipewa. Mikataba mingi ina kipengele cha mpangaji kutosumbua wengine, na baadhi ya majengo yameandika kabisa saa za utulivu. Ukikipata taja namba yake kwenye barua, mstari mmoja unatosha. Kama hakuna, usitunge.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Nakuandikia mfano hapa, tarehe na saa ni za mfano, wewe weka za kwenye daftari lako:

> Flati Na. 302
> Tarehe 19 Mei
>
> Meneja wa Jengo
>
> Ndugu Meneja,
>
> YAH: SAUTI ZA USIKU ZINAZOSIKIKA FLATI NA. 302
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wa flati tajwa. Naandika kuomba msaada wa ofisi yako kuhusu sauti zinazosikika usiku na kuzuia familia yangu kulala.
>
> Nimeweka kumbukumbu kuanzia Jumatatu tarehe 5 hadi Jumapili tarehe 18 Mei. Katika usiku huo 14, sauti ilisikika usiku 10, na usiku 4 kulikuwa kimya, zikiwemo Jumapili zote mbili. Kwa kawaida inaanza kati ya saa 4:45 na saa 5:20 usiku, na kuisha kati ya saa 7:10 na saa 8:15.
>
> Ni mngurumo wa vipande vipande, sekunde tano hadi kumi kila mara, pamoja na mburuzo wa vitu sakafuni. Inasikika zaidi chumba cha watoto, kutokea juu, upande zilipo flati 402 na za jirani yake. Haipungui madirisha yakifungwa. Alhamisi tarehe 8 umeme ulipokatika saa 5:30 sauti ilikoma, na ilisikika tena baada ya umeme kurudi. Mlinzi wa zamu alinieleza kuwa pampu ya maji huwashwa saa 10 alfajiri, hivyo saa haziendani.
>
> Sijui chanzo chake ni nini, na inawezekana wahusika hawajui kwamba inafika chini. Mtoto wangu mwenye miaka minane anaamka usiku na mwalimu wake ameshanieleza kuwa anasinzia darasani.
>
> Naomba: (1) wewe au mwakilishi wako aje asikilize akiwa ndani ya flati yangu, siku ya kazi kati ya saa 5 na saa 7 usiku, (2) ofisi izungumze na wakazi wa upande huo kutafuta chanzo na namna ya kupunguza, (3) nipate majibu kwa maandishi ndani ya siku saba.
>
> Nimeambatanisha nakala ya kumbukumbu zangu. Naomba jina langu lisitajwe bila kuniuliza kwanza.
>
> Wako katika ujenzi wa Taifa,
> (jina, saini, namba ya simu)
>
> Nakala: Mwenye flati Na. 302

Angalia hiyo sentensi ya "sijui chanzo chake ni nini". Wengine wataiona ni udhaifu, mimi naiona ndio nguvu ya barua yote, kwa sababu siku barua ikimfikia yule mama, na mara nyingi zinafika, mlinzi anaona, karani anasoma, hatakuta neno hata moja la kumuumiza wala la kukanusha. Atakuta saa na chumba cha watoto. Na yeye ana watoto.

Hiyo nakala kwa mwenye flati yako nimeiweka kwa sababu. Kwenye majengo ambayo kila flati ina mwenyewe, kama yale yanayosimamiwa kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, wanachama wa umoja wa jengo ni wamiliki, sisi wapangaji hatuna kura kule. Meneja akivuta miguu, anayeweza kumuuliza kwenye kikao ni mwenye flati yako, kwa hiyo awe nayo tangu siku ya kwanza. Ila serikali ya mtaa usiiweke kwenye nakala mara hii, ukimuweka mtendaji tangu barua ya kwanza meneja ataona umeshamshtaki na yeye.

Toa kopi mbili. Peleka mwenyewe ofisini mchana, moja wanabaki nayo, nyingine waigonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, kama muhuri hawana basi aliyepokea aandike jina lake, tarehe na saini. Usimwachie mlinzi getini. Ukituma na barua pepe au wasap sawa, ila hiyo yenye muhuri ndiyo ya kuitunza.

Kinachoharibika sana hapa katikati ni kwamba meneja atakuja asubuhi saa tatu, asimame chumbani kwako, aseme mbona kimya. Usikubali hiyo iandikwe kama ukaguzi. Mwambie kwa heshima kwamba kumbukumbu zinaonesha usiku, kama yeye anakaa mbali Mbagala au Kimara huko na usiku ni shida basi amtume mlinzi wa zamu apande asikilize, asaini kwenye daftari lako tarehe na saa na alichosikia. Mstari mmoja wa mtu asiye wa familia yako una uzito kuliko kurasa zako zote.

Na ikija kugundulika kweli ni cherehani, si lazima mtu aache riziki yake. Zulia nene au mpira mzito chini ya miguu ya meza, meza isiguse ukuta, mashine ihamie sebuleni badala ya juu ya chumba cha kulala, miguu ya viti ivalishwe vipande vya kandambili zilizokatwa, na wakubaliane saa ya kuzima. Mpira hautaondoa sauti yote, ile ngumi ya chini inapungua ila kitu kidogo utakisikia, kwa hiyo saa ya kuzima ndiyo uisimamie zaidi, na mimi ningeomba saa nne usiku kwa sababu ya mtoto wa shule. Haya mwachie meneja ayapeleke, au ukitaka muongee mkiwa naye.

Siku saba zikipita kimya, andika barua ya pili, fupi, utaje tarehe ya ile ya kwanza na uambatanishe kopi yenye muhuri pamoja na kumbukumbu mpya. Hapo sasa nakala inaweza kwenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa serikali ya mtaa wenu, wale wamezoea kuwaita majirani na kuwaweka meza moja. Kuna pia Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinatofautisha mchana na usiku na wasimamizi wake ni NEMC. Zipo na ni vizuri uzijue, lakini kwa mashine moja ndani ya flati moja mimi ningeanza na mtaa, kule ni karibu na hakuna atakayelala na kinyongo kikubwa.

Jambo moja halihusiani na barua kabisa, ila nisipolisema sitalala. Siku ukisikia huko juu kipigo, mtu anaomba msaada, au mtoto analia kwa namna isiyo ya kawaida, usiandike kwenye daftari wala usisubiri ofisi ifunguliwe. Piga polisi 112, na kama ni mtoto kuna namba 116, saa hiyohiyo.

Kelele zikipungua pia mwandikie meneja, hata meseji ya mistari miwili, kwamba tangu tarehe fulani hali imekuwa nzuri na unashukuru. Itakaa kwenye faili pamoja na ile ya kwanza, na zikianza tena baada ya miezi mitatu hutaanza upya, utasema tu zilikoma tarehe hii na zimerudi tarehe hii.

Shangazi